Uzio wa simu hauoni mlango

Bajaji ilikuwa imeshaingia barabara ya lami, Nuru amelala kifuani kwangu, kibegi cha baridi kiko mapajani, simu ikatetemeka. Nikaichomoa mfukoni. Ujumbe niliokuwa nimeupanga mwenyewe ulisema: "Maziwa yapo kwenye friji, rafu ya juu."

"Dada, kuna ulichosahau?" dereva akaniuliza akiangalia kwenye kioo.

"Hapana kaka, twende tu."

Maziwa nilikuwa nayo. Siku ile niliyakumbuka bila msaada wa simu, kwa hiyo kwa macho ya mtu mwingine hapakuwa na tatizo lolote. Simu ilitambua kwamba nimetoka nyumbani, ikanikumbusha nilichoiambia inikumbushe, na maneno yalikuwa sahihi. Ila kufikia hapo nyumba ilikuwa nyuma yetu karibu kilomita moja, na foleni ya asubuhi ya Tabata ilikuwa imeshaanza kujikunja.

Swali lililonikalia kwa wiki kadhaa ni hili: kama nisingekuwa nayo, ujumbe ule ungenisaidia nini?

## Kwa nini maziwa

Tangu likizo ya uzazi iishe, asubuhi nampeleka Nuru kwa bibi yake Kimanga, kisha napanda daladala kwenda kazini mjini. Maziwa nakamua usiku na alfajiri, yanakaa kwenye friji. Vitu vingine vyote vya mtoto napanga usiku: nepi, nguo za kubadilisha, kitambaa. Maziwa hayapangiki usiku.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa 4 hivi nje ya friji, na hapo tunazungumzia joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam ya Februari haina asubuhi ya namna hiyo. Lazima yatoke kwenye friji dakika ya mwisho kabisa, yaingie kwenye kibegi pamoja na vipande vya barafu. Na dakika ya mwisho ndiyo ile ambayo mtoto amelia, dereva wa bajaji amepiga honi getini, na baba Nuru anauliza funguo ziko wapi.

Huwezi kuweka ya akiba kwa bibi ukamaliza, maana yanayoliwa leo ndiyo yaliyokamuliwa jana. Alamu ya saa nayo nilishaitumia. Inalia saa ile ile hata siku nikichelewa, hata siku nikiwahi, na mtu aliye bafuni anaizima tu ili inyamaze.

Ndiyo maana lokesheni ilinivutia. Simu inajua niko wapi. Basi inikumbushe ninapotoka.

## Simu inavyojua kwamba umetoka

Kwenye ramani unachora duara kuzunguka nyumba yako. Tuliite uzio. Ukivuka uzio kwenda nje, simu inafanya ulichoiagiza. Mimi natumia MacroDroid kwenye simu ya Android. Wengine wanatumia Tasker, na wenye aifoni wana programu ya Reminders iliyokuja na simu. Wazo ni moja kwa wote.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba simu haikai macho ikiutazama uzio huo. Kuwasha GPS muda wote kungemaliza betri kabla ya mchana. Kwa hiyo mfumo unalala, unaamka mara moja moja, unaangalia mitandao ya waifai iliyo karibu na minara ya simu, kisha unakadiria uko wapi. GPS inaitwa pale tu inapolazimu.

Maelekezo ya Google kwa watengenezaji wa programu yanalisema hili bila kuficha. Wanashauri uzio uwe na nusu kipenyo cha mita 100 hadi 150 angalau. Wanasema taarifa ya kuvuka inaweza kuchelewa dakika 2 hadi 3 kwa wastani, kwa sababu tangu Android 8 programu zilizo nyuma ya pazia zimewekewa mipaka ya mara ngapi zinaweza kuuliza lokesheni. Kisha kuna sentensi moja iliyonifanya nisimame: simu ikiwa imetulia sehemu moja kwa muda mrefu, kuchelewa kunaweza kufika dakika 6.

Simu iliyotulia sehemu moja kwa muda mrefu ni simu iliyolala usiku kucha kando ya kitanda.

Yaani kutoka nyumbani asubuhi, tukio lile lile ambalo kila anayejaribu jambo hili huanza nalo, ndilo ambalo uzio unaliona kwa kuchelewa kuliko yote.

Nikapiga hesabu ya safari yangu. Bajaji kwenye barabara ya mtaa inakwenda kama kilomita 20 kwa saa, sawa na mita 330 kwa dakika. Mita 150 za uzio inazimaliza chini ya nusu dakika. Ongeza dakika 2 au 3 za kuchelewa, nimeshafika kati ya mita 800 na kilomita moja na ushee. Zikiwa dakika 6, niko kilomita 2 kutoka kwenye friji. Ujumbe wangu ulikuwa umefika pale pale ulipopaswa kufika kwa mujibu wa mfumo. Hakuna kilichoharibika.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi na wazo lenyewe.

## Kubana duara

Jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kupunguza duara. Nikaweka mita 50.

Usiku huo huo, sote tumelala, simu ikatangaza kwa sauti kwamba maziwa yapo kwenye friji. Baba Nuru akaamka. "Mama Nuru, nani anaongea?"

Sababu iko wazi ukishaijua. Ndani ya nyumba, chini ya bati na kati ya kuta za tofali, setilaiti hazionekani vizuri. Simu inakadiria kwa waifai, na hata hali ikiwa nzuri kadirio hilo lina kosa la mita 20 hadi 50. Duara la mita 50 lina ukubwa sawa na kosa lenyewe. Nukta inayowakilisha simu inatangatanga yenyewe, na ikigusa nje ya mstari mfumo unahesabu kwamba umetoka.

Umeme ukikatika inakuwa mbaya zaidi. Ruta yako inazima, na ruta za majirani zinazima pamoja nayo. Simu inabaki na minara ya simu peke yake, na hapo kosa linaweza kuwa mamia ya mita. Umekaa sebuleni na mshumaa, simu inaamini umefika mtaa wa pili.

Nilirudisha duara kwenye mita 150 na nikaacha kutafuta jibu humo. Duara likiwa dogo linasema uongo. Likiwa kubwa linasema kweli kwa kuchelewa. Sikuona ukubwa wa katikati ambao ungenifaa mlangoni.

## Nilichokuwa nauliza hasa

Mwaka 2005 watafiti kadhaa wa Marekani walitengeneza programu ya vikumbusho iliyoitwa Place-Its, ikitambua mahali kwa kutumia minara ya simu, wakawapa watu wachache waitumie katika maisha yao ya kawaida. Kuna jambo moja waliloliona ambalo nimelirudia sana kichwani: mara nyingi watu walipochagua mahali, mahali hapo palisimama badala ya kitu kingine ambacho mfumo usingeweza kukitambua.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Niliandika "nikitoka nyumbani" kwa sababu ndilo chaguo lililokuwepo kwenye orodha. Nilichotaka kusema ni "nikiwa nimeshavaa viatu, mtoto yuko mgongoni au mkononi, na bado niko ndani." Hiyo ni hali, na inatokea upande wa ndani wa mlango. Ramani haina nukta yake.

Basi swali likabadilika. Badala ya kuuliza simu itajuaje kwamba nimetoka, nikaanza kuuliza: kuna kitu gani simu inaweza kukiona, ambacho kila asubuhi hutokea dakika chache kabla sijatoka?

## Waifai, kisha chaja

Waifai ilikuwa hatua ya kwanza. Nyumbani tuna ruta, na simu inajua ndani ya sekunde chache ikipoteza mtandao wake. Nikaagiza: ukiachana na mtandao wa nyumbani kati ya saa 12:30 na saa 1:10 asubuhi, siku za kazi, nikumbushe. (Utashangaa programu ikikuomba ruhusa ya lokesheni hata kwa hili. Ni kwa sababu anayejua jina la waifai uliyoungana nayo anaweza kujua uko wapi, kwa hiyo Android inazuia jina hilo mpaka utoe ruhusa ya lokesheni, na lokesheni yenyewe iwe imewashwa.)

Ilikuwa nafuu kubwa. Mtandao wetu unakatika hatua chache baada ya geti, kwa hiyo simu ilisema nikiwa bado naweza kurudi kwa miguu. Ila ilikuwa tayari ni nje, mlango umefungwa, dereva anasubiri. Na ilikuwa na ugonjwa ule ule wa umeme: ukikatika saa 12:45, ruta inakufa na simu inadhani nimeondoka.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kando ya kitanda nachomoa simu kwenye chaja, kama ninavyofanya kila siku nikishamaliza kumvalisha mtoto. Simu yangu ikalia ule mlio mfupi. Nikabaki nimeishika.

Kuchomoa chaja ndicho kitu cha mwisho ninachofanya chumbani. Kutoka hapo napita jikoni, natoka. Hakuna siku ya kazi ninayotoka bila kuichomoa, na ikichomolewa iko mkononi mwangu, si ndani ya mkoba.

Lakini umeme tena. Ukikatika, simu iliyo kwenye chaja inaona kitu kile kile: chaji imesimama. Haina namna ya kutofautisha mkono wangu na kukatika kwa umeme.

Kwa muda nilidhani nimerudi mwanzo. Kisha nikaona kwamba dalili hizi mbili, kila moja ikiwa na udhaifu wake, zinasahihishana. Umeme ukikatika, chaja inakufa na ruta inakufa. Mimi nikichomoa simu, chaja inatoka lakini ruta bado iko hai. Kwa hiyo agizo likawa: chaja ikitoka, subiri kidogo, kisha angalia kama waifai ya nyumbani bado ipo. Ikiwa ipo, ni mimi. Ikiwa haipo, ni umeme, nyamaza.

Kule kusubiri ni kwa lazima. Ruta ikizimika ghafla, simu huchukua sekunde kadhaa kukubali kwamba mtandao umekwenda. Ukiangalia papo hapo utaambiwa bado upo. Sekunde 20 zimenitosha, na kwa mwendo wangu ndizo sekunde za kumbeba mtoto na kufika mlango wa jikoni.

Haya ndiyo maagizo yenyewe kwa majina ya kwenye MacroDroid:

```
Trigger:     Power Disconnected
Constraints: Day of Week  Mon-Fri
             Time of Day  06:30-07:10
Actions:     Wait Before Next Action  20 s
             If WiFi Connected (mtandao wa nyumbani)
                 Vibrate
                 Speak Text  "Maziwa"
             End If
```

Neno ni moja tu. Mwanzoni simu ilikuwa inasoma sentensi nzima ikitaja friji na rafu, lakini mtu aliyebeba mtoto hasikilizi sentensi. Anasikia "maziwa", na mkono unakwenda.

## Siku ambazo bibi anakuja

Ilipoanza kufanya kazi vizuri ikaleta shida ambayo sikuwa nimeifikiria.

Kuna siku mama yangu mwenyewe huja kwetu. Anatuma ujumbe jioni: "Mwanangu, kesho nakuja hapo, usimtoe mtoto na umande." Siku hizo maziwa hayaendi popote. Yanabaki kwenye friji anakoyahitaji bibi. Simu hailijui hilo, inasema "maziwa" kama kawaida.

Unaweza kuona ni jambo dogo. Mimi nililiona kubwa kuliko kule kuchelewa. Kikumbusho kinachosema pasipostahili kinafundisha sikio kukipuuza, na sikio likishajifunza halirudishi umakini wake kwa sababu leo ni siku ya kweli. Nilijiona nikinyamazisha simu kabla haijamaliza kutamka. Ikifika hapo, ni afadhali kisiwepo kabisa, maana ninatoka nikiwa na imani kwamba kuna kitu kinanilinda.

Jibu lilikuwa kwenye kalenda. Ujumbe wa mama ukiingia, naandika kwenye kalenda ya simu tukio la siku nzima la kesho: "Bibi anakuja". MacroDroid inaweza kusoma kalenda, na nikaongeza sharti kwamba siku yenye tukio hilo isiseme kitu. Ni kazi ya sekunde chache, na naifanya muda ule ule ninapomjibu mama, kwa hiyo haihitaji kukumbukwa peke yake.

Nilisita kidogo hapa. Nilitaka simu ijue yenyewe, nikawaza kuhusu kuisomesha ujumbe wa mama, kutafuta neno "nakuja", na kadhalika. Nikaacha. Mama anaweza kuandika "nitakuwa hapo asubuhi" au kupiga simu tu, na siku mfumo ukikosea kusoma, maziwa yatabaki nyumbani na mtoto yuko Kimanga. Kwa jambo ambalo kosa lake linamfikia mtoto, napendelea kuandika kwa mkono wangu.

Na nimelipanga kwa makusudi liegemee upande huo: nikisahau kuandika kwenye kalenda, simu itasema "maziwa" siku isiyohitajika. Hilo navumilia. Kinyume chake sivumilii.

## Mahali ambapo uzio unafaa

Nisieleweke vibaya kuhusu uzio. Una kazi yake, na kwenye kazi hiyo sijapata kitu kinachoushinda: mambo ya njiani.

Nina fundi cherehani Buguruni. Akinipigia kwamba nguo iko tayari, shida yangu si mlango wa nyumbani. Ni kwamba jioni nimechoka, nimepata siti, na Buguruni inapita nikiwa naangalia dirishani bila kuona. Hapo hakuna chaja wala waifai ya kunisaidia. Uzio tu.

Watu wengi wangeweka duara juu ya duka la fundi lenyewe. Kwa hesabu ile ile ya kuchelewa, daladala lingeshapita kituo kabla simu haijasema. Mimi duara nimeliweka Ilala Boma, vituo vichache kabla, na nimelipatia mita 400. Simu ikisema, nina muda wa kumpa konda taarifa na kusogea mlangoni. Jioni simu pia iko kwenye mwendo tangu nitoke ofisini, haijatulia, kwa hiyo mfumo uko macho zaidi kuliko asubuhi. Kuchelewa kupo, lakini kumeshahesabiwa kwenye mahali nilipoweka duara.

Kuna la kuangalia hapa. Duara la Ilala Boma linavukwa asubuhi pia, nikielekea mjini, wakati duka la fundi bado limefungwa. Kwa hiyo sharti la saa ni la lazima: baada ya saa 10 jioni tu. Na nguo ikishachukuliwa nalizima agizo hapo hapo dukani, nikiwa bado namlipa fundi.

## Simu ikikaa kimya

Kilichonipotezea muda kuliko yote si kuchora agizo. Ni asubuhi ambazo simu haikusema chochote, nisijue nimkamate nani.

Mwishowe nimejifunza kuanza na kumbukumbu za programu. MacroDroid ina ukurasa unaoitwa System Log, unaoandika kila agizo lilipoamshwa na saa yake. Nikiufungua, nauliza swali moja tu: je, kuna mstari wa asubuhi ile?

Kama mstari upo lakini umechelewa, ni tabia ya lokesheni, na dawa yake ni kuhamisha duara au kubadilisha dalili. Kama mstari upo kwa wakati na sikusikia, ni sauti: simu iko kwenye hali ya kimya au sauti ya midia imeshushwa. Kama hakuna mstari kabisa, karibu kila mara ni betri. Simu nyingi tunazotumia huku zinaua programu za nyuma ili chaji idumu, na zinafanya hivyo usiku, wakati simu imetulia. Unakwenda kwenye mipangilio ya programu, upande wa betri, unachagua isiwekewe kikomo. Baadhi ya simu zina programu nyingine ya mtengenezaji inayosafisha kumbukumbu, nayo ina orodha yake ya programu zinazolindwa; ukisahau huko, ruhusa ya kwanza haitoshi.

Sababu nyingine ya ukimya ni ruhusa ya lokesheni. Tangu Android 10, ruhusa ya kutumia lokesheni wakati programu iko wazi ni tofauti na ruhusa ya wakati wote. Ukichagua ya kwanza, utajaribu ukiwa umeifungua programu, itafanya kazi vizuri, utafurahi. Kesho yake asubuhi, programu ikiwa imefungwa, hakuna kitu. Jaribio la kweli ni kuzima skrini, kuweka simu mfukoni na kutembea.

## Simu ya baba Nuru

Mwezi uliopita tulinunua betri ndogo ya ruta ili mtandao usikatike umeme ukikatika. Ni kitu kizuri kwa kila mtu nyumbani, isipokuwa agizo langu. Sasa umeme ukikatika chaja inakufa lakini ruta inabaki hai, na simu inaamini kwamba nimeichomoa mimi. Dalili moja kati ya zile mbili imeacha kusema kuhusu umeme.

Nimeliacha hivyo kwa sasa, kwa sababu dirisha la muda ni dakika 40 tu, na umeme ukikatika ndani ya hizo simu itasema "maziwa" nikiwa bado chumbani. Kosa linaegemea upande ninaouvumilia. Likizidi, nitaongeza sharti la mwendo, simu isiseme mpaka ihisi natembea.

Kinachonishughulisha zaidi ni siku ambazo baba Nuru ndiye anampeleka mtoto. Nilitaka kumwekea agizo langu lile lile, akacheka. Yeye hachaji simu usiku, anachaji ofisini. Kuchomoa chaja hakumaanishi chochote kwenye asubuhi yake. Tukakaa mezani nikamuuliza kitu cha mwisho anachofanya ndani ya nyumba kabla ya kutoka.

Akafikiri. "Nawasha bluutuzi. Spika za sikioni. Navaa nikiwa nafunga kamba za viatu."

Hizo nazo simu inaziona zikiungana. Tumeziweka kuwa dalili yake, na waifai ya nyumbani kuwa sharti, ili asizivae mchana ofisini ikamwambia maziwa. Neno linasemwa ndani ya masikio yake akiwa ameinama kwenye viatu, na friji iko nyuma yake.